Kusoma dira, saa na mita kwa picha: mishale hushuhudiana

Mteja wa maji katika Kata ya Miembeni, Manispaa ya Bukoba, anapopiga picha ya dira yake kwa simu na kuituma ofisini, anaamini kwamba picha haiwezi kusema uongo. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Hata hivyo, watu wawili wanaweza kuitazama picha hiyo moja na kutoa hesabu zinazopishana kwa uniti moja, kwa mia tano au hata kwa maelfu, na kila mmoja akaapa kwamba amesoma alichokiona. Tatizo aghalabu haliko kwenye dira wala kwenye simu. Kifaa chenye mishale kina kanuni zake za kusomwa, na picha humwondolea msomaji baadhi ya misaada ambayo angekuwa nayo kama angesimama mbele ya kifaa chenyewe, akiinama, akifuta kioo na kutazama tena.

Kanuni kuu ni moja, nayo huonekana kwa urahisi zaidi kwenye saa ya ukutani.

Saa ya mishale

Watu wengi huamini kwamba mshale mfupi wa saa huonesha saa na mshale mrefu huonesha dakika, basi. Ukweli ni kwamba mshale mfupi peke yake huonesha vyote viwili. Hausimami juu ya namba kwa saa nzima kisha ukaruka kwenda namba nyingine, bali husogea polepole wakati wote. Dakika zikiwa 30 huwa katikati ya namba mbili. Dakika zikiwa 45 huwa umebakiza robo ya safari. Mshale mrefu hurudia habari hiyo hiyo kwa usahihi zaidi. Kwa hiyo mishale miwili ya saa ni mashahidi wawili wa jambo moja, na ushahidi wao ukipingana, ama saa ni mbovu ama msomaji amekosea.

Chukua picha ya saa ambayo mshale mfupi unaonekana kugusa namba 3, na mshale mrefu uko kwenye dakika ya 58. Msomaji mwenye haraka ataandika 3:58. Lakini kama dakika kweli ni 58 baada ya saa ya 3, mshale mfupi ungekuwa unagusa namba 4. Ukiwa kwenye 3 ilhali dakika ni 58, maana yake bado haujaifikia 3 kamili: saa ni 2:58. Kosa hili la saa nzima hutokea karibu kila mara dakika chache kabla ya saa kutimia, kwa sababu wakati huo mshale mfupi huwa umefika karibu mno na namba ambayo bado si yake.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna hatua ya ziada. Uso wa saa umechorwa kwa hesabu inayoanzia usiku wa manane na adhuhuri, ilhali saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa na mapambazuko na machweo. Tetemeko la ardhi lililoutikisa Mkoa wa Kagera Septemba 10, 2016 lilitokea saa 9:27 alasiri. Saa ya ukutani wakati huo ilikuwa na mshale mfupi karibu katikati ya 3 na 4, na kumbukumbu za kitaalamu ziliandika 15:27. Hizo ni namba tatu tofauti kwa dakika moja ile ile. Anayenakili muda kutoka kwenye picha kwa ajili ya taarifa, kwa mfano ya ajali au ya kukatika kwa umeme, anapaswa kwanza kuandika kile uso wa saa unachoonesha, kisha ndipo abadilishe, na aseme ametumia hesabu gani. Aidha, picha ya saa ya mishale haisemi kama ni mchana au usiku. Hilo halimo katika uso wa saa, na lazima litafutwe kwingine: mwanga wa dirishani, au muda ambao simu yenyewe iliutia kwenye kumbukumbu za picha.

Upo udanganyifu mmoja ambao mashahidi wawili hawawezi kuufichua. Kamera ya mbele ya baadhi ya simu hugeuza picha kama kioo cha kujitazamia. Saa ya 3:27 ikigeuzwa hivyo huonekana kuwa 8:33, na mishale yote miwili hukubaliana kikamilifu na uongo huo. Hapo linaloweza kusaidia ni namba zenyewe, kwa kuwa zitaonekana zimeandikwa kinyume. Saa isiyo na namba, yenye vijistari tu, haitatoa onyo lolote.

Dira ya maji

Dira ya kawaida ya nyumbani ina sehemu mbili za kusomwa. Ya kwanza ni safu ya namba nyeusi, aghalabu tano, zilizo juu ya magurudumu madogo. Hizo huhesabu uniti kamili. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Sehemu ya pili ni miduara midogo yenye mishale myekundu, kila mmoja ukiwa umeandikiwa ×0.1, ×0.01, ×0.001 na kuendelea. Wa kwanza huhesabu mamia ya lita, wa pili makumi, wa tatu lita moja moja. Katika baadhi ya dira, sehemu hii ya pili huwa na namba nyekundu badala ya baadhi ya mishale.

Ankara huhesabu uniti kamili, kwa hiyo zinazohitajika ni namba nyeusi. Swali linalozuka ni kwa nini basi mtu ajisumbue na mishale myekundu. Jibu ni lile la saa: mishale hiyo ndiyo shahidi wa namba nyeusi.

Tuchukue mfano wa picha ambayo magurudumu manne ya kwanza yanaonesha 0, 0, 3 na 4 bila utata. Gurudumu la tano limo katika kuzunguka: namba 8 imeshajitokeza karibu yote, na mabaki ya 7 bado yanaonekana ukingoni. Je, ni 347 au 348? Tazama mshale wa ×0.1. Umeipita 9 na unaelekea 0, lakini haujaifikia. Maana yake uniti inayoendelea haijatimia. Zimebaki lita chache. Kwa hiyo namba ya kweli bado ni 7. Sasa uhakikishe mshale wenyewe kwa kuuliza ulio kulia kwake. Mshale wa ×0.01 uko kati ya 6 na 7, hivyo ule wa ×0.1 unapaswa kuwa zaidi kidogo ya nusu ya njia kati ya 9 na 0. Ndivyo ulivyo. Mshale wa ×0.001 uko kwenye 4. Dira inasomeka 347.964, na kinachoandikwa kwa ajili ya ankara ni 347.

Aliyeandika 348 amekosea kwa uniti moja, na kosa hilo hujirekebisha mwezi unaofuata, kwa sababu hesabu hutolewa kwa kuondoa usomaji wa nyuma kwenye usomaji mpya. Hilo si jambo la kugombania. Makosa mazito ni ya aina nyingine.

La kwanza ni kuunganisha tarakimu nyekundu na nyeusi. Katika picha iliyopigwa gizani, au iliyofifishwa rangi ilipotumwa, nyekundu huonekana kama nyeusi. Msomaji akichukua 347 na kuongeza 9 ya mshale au gurudumu linalofuata, anapata 3479. Kama usomaji wa mwezi uliopita ulikuwa 335, matumizi halisi ni uniti 12, yaani ndoo 600 kwa mwezi au 20 kwa siku, kiasi kinachoingia akilini kwa kaya. Kwa usomaji wa makosa, matumizi yanakuwa uniti 3,144, zaidi ya ndoo 5,000 kila siku. Hakuna kaya inayobeba maji hayo hata bomba likiwa wazi usiku na mchana. Kulinganisha na mwezi uliopita, kisha kugeuza kuwa ndoo kwa siku, ni kipimo rahisi kinachonasa karibu kila kosa la aina hii kabla halijawa ankara.

La pili ni kufananisha namba zinazokaribiana sura. Unyevu ukiingia chini ya kioo, jambo la kawaida kwa dira iliyo kwenye shimo lililo chini ya usawa wa ardhi, 3 huonekana kama 8, 6 kama 8, na 1 kama 7. Kosa likiangukia namba ya mamia, 347 ikawa 847, hujitangaza lenyewe. Likiangukia namba ya mwisho, 341 ikawa 347, hakuna atakayelitambua kwa kuangalia ukubwa wa ankara, na hapo ndipo mishale midogo na picha ya pili huwa na thamani.

La tatu husahaulika kwa sababu humfurahisha mteja: usomaji wa chini kuliko hali halisi. Dira haisahau. Uniti zilizorukwa mwezi huu zitatokea mwezi ujao pamoja na za mwezi huo, na mahali ambapo bei hupanda kwa madaraja ya matumizi, sehemu yake inaweza kuangukia daraja la juu. Mteja aliyeona ankara ndogo isiyo ya kawaida ana sababu ile ile ya kuitazama dira yake kama aliyeona kubwa.

Kuna pia kosa ambalo si la kusoma bali la kuchukua namba isiyohusika. Kwenye uso wa dira na pembeni mwake huwa kuna namba ya utambulisho ya dira hiyo, wakati mwingine pamoja na mwaka wa kutengenezwa. Picha ikikatwa vibaya, namba ya utambulisho huweza kunakiliwa kama usomaji. Kinyume chake ni kuikata namba hiyo isionekane kabisa. Katika nyumba za kupanga, ambako dira tatu au nne hupangwa bega kwa bega, picha isiyo na namba ya utambulisho ni picha ya dira ya mtu yeyote.

Mita ya umeme yenye mishale

Kwa wateja wengi wa umeme wa majumbani suala hili lilikwisha pale mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, zilipochukua nafasi ya zile za zamani. Mita hizo zina kioo cha tarakimu, na kosa lake katika picha ni dogo: kioo hupokezana kurasa kadhaa, hivyo picha inaweza kunasa jumla ya uniti zilizotumika tangu mita ifungwe badala ya uniti zilizobaki. Picha mbili zilizopishana kwa saa chache humaliza shaka: kilichobaki hupungua, jumla huongezeka.

Mita za zamani za miduara na mishale ni habari nyingine, na bado hukutwa katika majengo ya zamani na katika vitabu vya mafunzo ya ufundi. Ugumu wake ni kwamba miduara inayopakana huzunguka kinyume. Mshale mmoja ukienda upande wa mishale ya saa, jirani yake huenda upande wa pili, kwa sababu gurudumu moja la meno linapolisukuma jingine moja kwa moja, hilo jingine lazima lizunguke kinyume chake. Ndiyo maana katika mduara mmoja namba 1 iko kulia mwa 0, na katika unaofuata iko kushoto. Mishale ya dira ya maji kwa kawaida haina tabia hiyo. Yote huzunguka upande mmoja, na fundi aliyezoea dira huingia kwenye mita ya umeme na mazoea hayo.

Tuseme mita ina miduara minne: maelfu, mamia, makumi na mamoja. Mshale wa maelfu unaonekana uko juu ya 4. Wa mamia uko kati ya 9 na 0. Wa makumi uko kati ya 6 na 7. Wa mamoja uko kwenye 7. Sheria ni kwamba mshale ulio kati ya namba mbili huchukua ile ndogo, na kati ya 9 na 0 ndogo ni 9, kwa kuwa 0 hapo ni 10. Hivyo mamia ni 9, makumi ni 6, mamoja ni 7. Maelfu je? Unaonekana 4, lakini mshale wa mamia haujaifikia 0, kwa hiyo elfu ya nne haijatimia. Ni 3. Mita inasomeka 3,967. Aliyeandika 4,967 amemwongezea mteja uniti 1,000 kwa upana wa unywele.

Sasa tuseme msomaji hakuangalia mpangilio wa namba, akadhani miduara yote huenda upande wa mishale ya saa. Namba zikiwa zimefifia pichani, atakadiria kwa mahali mshale ulipo. Mshale wa maelfu, ulio mahali pa 4 kwa kuhesabu kushoto, kwake utakuwa umeipita 6 kidogo. Wa makumi, ulio kati ya 6 na 7, kwake utakuwa kati ya 3 na 4. Ataandika 6,937. Kosa kama hili halina dalili kwenye namba yenyewe. Hugunduliwa tu kwa kulinganisha na usomaji wa nyuma, au kwa kuona kwamba mshale wa maelfu hauko mahali ambapo mshale wa mamia unataka uwe. Mamia yakiwa karibu kutimia, mshale wa maelfu ulipaswa kukaribia namba inayofuata, si kuwa ndiyo kwanza umeipita 6.

Kinachoharibika katika picha

Mshale huelea juu ya uso wa kifaa, haujabandikwa juu yake. Anayetazama kutoka pembeni huuona umesogea. Kwenye picha kosa hili haliwezi kusahihishwa baadaye, kwa sababu jicho la kamera lilishachagua mahali pa kusimama. Ukubwa wake unaweza kukadiriwa. Tuseme mshale uko milimita 2 juu ya uso, na kamera imeinama nyuzi 30 kutoka wima. Ncha ya mshale itaonekana imehama zaidi ya milimita 1. Katika mduara wenye upana wa milimita 8, namba moja hadi nyingine ni kama milimita 2.5, kwa hiyo mshale umehama karibu nusu ya nafasi. Kwenye saa kubwa ya ukutani uhamaji huo si kitu. Kwenye mshale mdogo wa dira unatosha kuugeuza 9 kuwa 0.

Geji ya shinikizo, kama ile ya pampu ya maji au ya kujazia upepo matairi, ndiyo inayoathirika zaidi, kwa sababu ina mshale mmoja tu na hakuna shahidi wa pili. Isitoshe, nyingi zina mizani miwili, mmoja wa ndani na mwingine wa nje, kwa vipimo vya bar na psi. Bar moja ni takriban psi 14.5. Tairi linalohitaji psi 30 linahitaji bar 2 na kidogo. Picha ya geji ambayo maandishi ya kipimo hayaonekani haifai kutumiwa hata kama mshale umeonekana vizuri.

Mwangaza wa taa ya simu nao hurudi kutoka kwenye kioo na kuacha doa jeupe, mara nyingi katikati, mahali namba zilipo. Afadhali kuzima taa hiyo na kumulika kwa tochi kutoka ubavuni. Kioo kifutwe kwanza. Simu ishikwe sambamba na uso wa kifaa, ikiwa sentimita 20 hadi 30 juu yake. Ikisogezwa karibu mno, namba za kando hupinda na kupoteza umakini. Picha mbili hutosha: moja inayoonesha dira nzima pamoja na namba yake ya utambulisho, na nyingine ya karibu yenye namba nyeusi na mishale yote. Picha ya asili ihifadhiwe kwenye simu hata baada ya kutumwa, kwa kuwa programu za ujumbe huibana picha na kupunguza maelezo yake, na tarehe ya kutumwa si lazima iwe tarehe ya kupigwa.

Mteja wa Miembeni asiyekubaliana na usomaji hupeleka picha hizo kwanza kwa Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Bukoba (BUWASA). Asiporidhika, mdhibiti wa huduma hizo ni EWURA, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC) kwa ajili ya msaada na ushauri. Katika ngazi zote hizo picha inaweza kuthibitisha kitu kimoja: dira ilionesha namba fulani siku fulani. Haiwezi kuthibitisha kwamba maji yaliyopita ndani yake yalikuwa kiasi hicho. Dira inayodhaniwa kuhesabu kupita kiasi hufunguliwa na kupimwa kwa maji yanayojulikana ujazo wake, na uhakiki wa vipimo vya aina hiyo nchini uko chini ya Wakala wa Vipimo (WMA).